Chati ya Kazi na Orodha ya Hatari

Mwanagenzi aliyepewa jukumu la kupanga kazi ya kikundi mjini Kigali na achukue karatasi ya miraba: kushoto aandike kazi, juu aandike majuma.

Tuseme kikundi kinaweka tangi la maji ya mvua shuleni. Kuchimba ni juma 1, kumwaga zege juma 1, zege kukomaa majuma 4, kuweka tangi juma 1. Kila mstari huanzia pale uliotangulia unapokoma.

Kwa kalenda ya mwaka 2025, wakianza tarehe 24 Februari, tangi litawekwa kuanzia tarehe 7 Aprili. Siku hiyo ni mapumziko, nalo juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994 huanza. Wakianza tarehe 3 Machi, juma hilo litaangukia zege likikomaa, wala halitadai vibarua.

Hata hivyo masika huanza Machi. Basi katika orodha ya hatari aandike: mvua kujaza shimo, dalili, mawingu mazito, kinga, turubai na mfereji wa kuchepusha maji, na jina la mwenye kuhusika. Hatari isiyo na mwenyewe haitazamwi na mtu.