Chakula Kilicholala Si Chakula Kilichooza

Imani kwamba chakula kilicholala kimekwisha kuharibika, na kwamba anayekipika upya husukumwa na ufukara au ubahili, imeenea katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, hasa za mijini, ambako slesi zilizokauka, ndizi zilizoiva mno na uji uliobaki sufuriani hutupwa bila hata kunuswa. Imani hiyo ni potofu, kwa sababu inakihukumu chakula kwa muda kilichokaa badala ya kukihukumu kwa yale yaliyotokea ndani yake. Aidha, madhara yake hayaishii kwenye hasara, kwa kuwa upotofu huohuo, ukigeuzwa upande wa pili, ndio unaowafanya wengine wale chakula chenye sumu wakiamini kwamba moto husafisha kila kitu.

Mkate, ndizi na uji vina asili moja, nayo ni wanga, yaani minyororo mirefu ya sukari ambayo mmea huijenga na kuiweka kama akiba. Wanga hubadilika kadiri saa zinavyopita, hata pale ambapo hakuna kiumbe kinachoushambulia. Kuoza, kwa upande mwingine, ni kazi ya viumbe vidogo, yaani bakteria na kuvu, ambavyo hula chakula na wakati mwingine huacha sumu ndani yake. Mabadiliko ya kwanza humpa mpishi malighafi mpya, ilhali ya pili humnyang'anya chakula chake. Kuyaita yote kwa jina moja ni kosa la kimsingi.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwenye mkate. Watu wengi hudhani kuwa mkate hukakamaa kwa sababu umepoteza maji, lakini mwaka 1852 mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate hukakamaa hata maji yake yanapozuiwa yasitoke, na kwamba ukipashwa moto hulainika tena. Sababu yake ni kwamba wanga uliovimba na kulegea tanurini hujipanga upya unapopoa, minyororo yake ikashikana na kuwa migumu. Mpangilio huo huenda kwa kasi zaidi kwenye ubaridi wa jokofu kuliko kwenye joto la kawaida la chumba, na ndiyo maana mkate uliowekwa jokofuni ili usikauke hukakamaa mapema, ingawa hukawia kuota kuvu.

Ugumu huo ndio unaohitajika katika kababu za nyama ya kusaga zinazopikwa Pwani. Kwa nusu kilo ya nyama, slesi 2 au 3 zilizokauka hulowekwa majini kwa muda mfupi, hukamuliwa kwa nguvu, kisha huvurugwa na kuchanganywa na nyama pamoja na kitunguu, yai na viungo. Mkate mkavu hunywa maji bila kusambaratika, kwa hiyo ukikamuliwa hubaki na vijitundu vinavyopokea mchuzi wa nyama inapoiva na kuzuia kababu isikazane. Mkate mpya ukilowekwa vivyo hivyo hugeuka rojo linalonata, na kababu hutoka nzito. Mpishi anayetupa mkate wa juzi ili afungue mpya kwa ajili ya kababu ametupa kilicho bora.

Kwenye ndizi, mabadiliko huelekea upande mwingine. Katika ndizi mbichi, wanga ni takriban sehemu moja kwa tano ya uzito wa nyama ya tunda, lakini kadiri tunda linavyoiva, vimeng'enya, ambavyo ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, huukata wanga huo hadi karibu wote uwe sukari. Weusi wa ganda unaowatisha watu nao hutokana na vimeng'enya vya ganda lenyewe vinapokutana na hewa, wala si dalili ya kuoza.

Wapishi wa Uganda wamejenga chakula kizima juu ya hali hiyo. Kabalagala, ambayo ni mikate midogo ya kukaangwa, hutengenezwa kwa ndizi ndogo tamu zilizoiva kupita kiasi na unga wa muhogo, kwa kadiri ya sehemu mbili za ndizi kwa moja ya unga. Ndizi hupondwa hadi ziwe laini, hutiwa chumvi kidogo, kisha unga huongezwa polepole mpaka donge lisinate mikononi. Halafu husukumwa, hukatwa kwa mdomo wa glasi na kukaangwa. Hakuna maji wala sukari inayoongezwa, kwa sababu ndizi hutoa vyote viwili, na ndizi isiyoiva vya kutosha huacha donge likipasuka na bila ladha. Moto lazima uwe wa wastani, kwani sukari hiyo nyingi huunguza nje kabla ya ndani kuiva. Ndizi ya kutupwa ni ile inayovuja maji, inayonuka pombe au siki, au iliyoota kuvu kwenye kikonyo au penye ufa.

Uji uliobaki, hasa ule mzito wa mahindi, huganda unapopoa, lakini wanga wake uliokwisha kuiva bado umeshika maji mengi. Kikombe kimoja cha uji huo usio na sukari kikikandwa na vikombe vitatu vya unga wa ngano, chumvi na mafuta kidogo, hutoa donge la chapati ambalo huenda lisihitaji maji mengine, na chapati zake hukaa laini kwa muda mrefu kuliko zilizokandwa kwa maji matupu.

Hata hivyo, uji ndio unaohitaji tahadhari kubwa kuliko vyote vitatu, na hapa wanaotetea utupaji wana hoja ya kweli. Baadhi ya bakteria hutengeneza spora, yaani mbegu zenye ganda gumu zisizokufa kwa kuchemshwa, ambazo huamka uji unapobaki vuguvugu na kuweza kutoa sumu isiyoharibiwa na moto wa jikoni. Sumu hiyo huenda isibadilishe harufu wala ladha. Kwa hiyo uji wa kutumiwa baadaye humiminwa kwenye chombo kipana ili upoe upesi, huingizwa jokofuni kabla ya saa 2 kupita, na hutumiwa siku inayofuata. Pasipo jokofu, hukandwa na kupikwa ndani ya saa hizo 2, na uliolala sufuriani hutupwa.

Mkate wenye kuvu nao hutupwa wote, hata kama doa ni moja, kwa kuwa nyuzi za kuvu hupenya ndani mahali ambapo jicho halioni. Kwamba moto hauponyi sumu ya kuvu ni jambo ambalo Kenya ililishuhudia mwaka 2004, pale watu 125 walipofariki, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu ingawa yalikuwa yamepikwa.

Basi kanuni ya jikoni haipaswi kuwa idadi ya siku. Mkate mkavu usio na kuvu na ndizi nyeusi isiyovuja ni chakula kizuri, ilhali uji wa jana uliolala kwenye joto ni hatari ingawa ni mchanga kuliko vyote viwili. Kila mwenye nyumba aulize kilichotokea ndani ya chakula kabla ya kuuliza kilipikwa lini.