Mlipeni Ndugu Anayewanunulia Simenti

Kuna imani imekaa vichwani mwetu kana kwamba ni aya: ndugu hatozwi. Aliyeko Muscat, London au Minneapolis akituma hela ya kununulia vifaa vya ujenzi, aliyeko nyumbani atanunua, atasimamia kupakia, atafikisha kiwanjani, na asidai senti. Akithubutu kutaja ujira, ukoo mzima unamwita mroho. Ninaipinga imani hii waziwazi. Imeharibu nyumba nyingi za watu walioko ughaibuni, na imewafanya ndugu wema waibe kimyakimya kitu ambacho wangeweza kupewa mchana kweupe.

Tuitazame kazi yenyewe. Dada yuko Muscat, kiwanja chake kiko Chanika. Mdogo wake anaishi Temeke na anaendesha kibanda cha chipsi. Anatumiwa hela ya simenti mifuko 100 na nondo 40 za milimita 12. Siku ya kununua hafungui kibanda. Anapanda magari mpaka Gongo la Mboto, anazunguka maduka ya vifaa kuuliza bei, anatafuta gari la kubeba mzigo, anapatana na wapakiaji, anasafiri na mzigo mpaka Chanika, anauhesabu ukishushwa na kuufungia stoo. Anarudi usiku. Mauzo ya siku hiyo yamekwenda, na nauli na chakula vimetoka mfukoni mwake. Dada akipiga simu anamshukuru sana, na shukrani yake ni ya kweli. Ila kesho yake mdogo mtu ana kodi ya fremu ya kulipa.

Mara ya kwanza atavumilia. Mara ya tatu, muuza duka atamnong'oneza: tuongezee kidogo kwenye risiti, kisha tofauti uchukue. Hicho ndicho cha juu.

Tuseme bei ya kweli ya mfuko wa simenti ni shilingi 16,000 na ya nondo ni 26,000. Mzigo wote ni 2,640,000. Akiongeza 1,000 kwa kila mfuko na 2,000 kwa kila nondo, dada atalipa 180,000 zaidi bila kujua. Angempa mdogo wake ujira wa 120,000 kwa siku hiyo ngumu, angebaki na 60,000 mkononi, na mdogo mtu angefidiwa siku yake bila aibu.

Lakini hizo hela ndizo hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba mnunuzi anayechukua cha juu hawezi tena kuchagua duka. Analazimika kwenda kwa muuzaji aliye tayari kumwandikia risiti ya uongo, na muuzaji wa namna hiyo hana sababu ya kuwa mkweli kwenye mzigo. Mdogo mtu akiona nondo nyembamba atasema nini? Ameshafungwa mdomo.

Nondo nyembamba ndipo nyumba inapoumia. Nondo halali ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7. Ukiiweka kwenye mizani ukapata kilo 9, ujue ni ya milimita 11, hata kama rangi ya ncha na maneno ya muuzaji yanasema 12. Kwa macho tofauti hiyo haionekani, lakini chuma kilichopungua ni karibu sehemu moja ya sita, tena ndani ya nguzo na mkanda ambavyo fundi alivihesabia chuma kamili. Simenti nayo ni hivyohivyo. Ya 42.5 imeandikwa 42.5 kwenye mfuko, na ya 32.5 imeandikwa 32.5. Hii ya pili inafaa kujengea tofali na kupiga lipu. Zege la nguzo linataka ile ya kwanza. Anayenunua kwa uhuru atageuza mfuko asome, kisha adai nondo tatu zipimwe kabla ya kupakia. Aliyekwisha kula na muuzaji atapakia chochote anachopewa.

Najua jibu litakalokuja, hasa kutoka Pwani na Zanzibar: kumtoza ndugu ni kuvunja undugu, na dini inataka tusaidiane. Kusaidiana ni kweli. Lakini wanazuoni wa fiqhi wanakubali uwakala kwa ujira, na wote wanamhesabu wakala kuwa mwaminifu wa mali ya mwenziwe. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Urwa, ambaye Mtume alimpa dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akanunua wawili kwa dinari ile, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari, na Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Ile faida aliyoipata sokoni aliirudisha kwa mwenye mali. Cha juu ni kinyume kabisa cha habari hii, na ndicho tunachokivumilia kwa jina la undugu.

Sheria ya Tanzania pia haimpi kinga anayesema "nilikusaidia bure, usinihesabie". Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema uwakala hauhitaji malipo ili uwepo, na wakala anatakiwa kutoa hesabu kwa aliyemtuma. Kwa hiyo wajibu wa hesabu upo hata pasipo ujira. Tofauti ni kwamba nyumbani kwetu hakuna mwenye uso wa kumdai hesabu ndugu aliyetoa siku yake bure. Ukimlipa, swali la "risiti iko wapi?" linakuwa swali la kawaida.

Hapa nawapinga hata baadhi ya wanaokubaliana nami, wale wanaolipa kwa asilimia. Ukimpa mdogo wako asilimia 5 ya manunuzi, kila bei inapopanda na yeye anapata zaidi. Kupatana bei kunageuka kujipunguzia riziki. Mlipeni ujira maalumu kwa kila mzigo, uliotajwa kabla hajatoka nyumbani, na nauli pamoja na kodi ya gari viandikwe pembeni. Tena ujira utumwe kwa muamala wake, usichanganywe na hela ya vifaa, ili kila shilingi ya simenti iwe ya simenti.

Kisha mdai risiti ya mashine ya EFD, ile yenye namba ya uhakiki, na uihakiki mwenyewe kwenye verify.tra.go.tz hata ukiwa Muscat. Muuzaji aliyesajiliwa VAT ataandika risiti ya mkono ya bei yoyote utakayotaka, lakini kuongeza bei kwenye mashine ni kujiongezea kodi, basi atasita. Risiti ya mkono peke yake isikubaliwe kwa mzigo wa mamilioni. Na mara mojamoja mpigie simu muuzaji mwingine wa eneo hilohilo, umuulize bei ya siku ile. Ndugu mwaminifu hilo halimuudhi. Linamlinda siku maneno ya ukoo yatakapoanza.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliyeko mbali: kabla hujatuma hela ya mzigo unaofuata, mpigie huyo anayekununulia, mwulize siku hiyo atapoteza kiasi gani, mkubaliane ujira kwa tarakimu, na umlipe.