Injini Mbili za Farasi 10

Ndugu mkulima wa Ruanda, unataka injini ya mashine ya kusagia. Dukani ziko mbili, zote za nguvu za farasi 10. Moja huzunguka mara 1,000 kwa dakika, nyingine mara 3,000.

Kazi yao kwa dakika ni sawa. Lakini ile ya polepole husukuma kila mzunguko kwa nguvu mara tatu.

Tuseme mashine yako inataka mizunguko 1,000. Injini ya polepole hufungwa puli mbili zinazolingana. Ya mbio inataka puli ya mashine iwe pana mara tatu kuliko ya injini. Ukifunga puli zinazolingana, injini italemewa na kuzima, au mashine itakimbia hata ivunjike.

Muuzaji akikutajia farasi tu, mwulize mizunguko. Yote huandikwa kwenye kibao cha injini.