Pesa Zinafika, Lakini Je, Mapenzi Yanafika?

Ndugu msomaji, sisi tunaoishi nje tumejijengea kipimo kimoja cha mume mwema. Tukiulizwa khabari za fulani na mkewe aliyemwacha nyumbani, jawabu letu huwa ni moja: "Hana tabu, anatuma." Maana yake kila mwezi pesa zinakwenda, ada za skuli zinalipwa, nyumba inapandishwa tofali. Kwetu sisi hapo hesabu imefungwa. Leo tunataka kuifungua upya, kwa sababu tumeona ndoa kadhaa zikivunjika huku pesa zikitumwa mpaka mwezi wa mwisho, na kila mara jamaa wa pande zote mbili hubaki wakishangaa: kwani alipungukiwa na nini?

Yupo mtaalamu wa saikolojia wa Kimarekani, Robert Sternberg, ambaye mwaka 1986, akiwa Chuo Kikuu cha Yale, alitoa nadharia aliyoiita pembetatu ya mapenzi. Alisema kuwa kile tunachokiita kwa neno moja, mapenzi, kwa hakika ni mambo matatu. La kwanza ni ukaribu wa nyoyo: kuelewana, kuaminiana siri, kumjua mwenzio na kujulikana naye. La pili ni ashiki: ule moto wa kumtamani mtu na kutaka kuwa naye. La tatu ni ahadi, nayo ina sehemu mbili, kwanza kuamua kwamba huyu nampenda, kisha kushikilia kwamba nitabaki naye. Kila moja ni pembe. Ukubwa wa pembetatu ni wingi wa mapenzi, na umbo lake linaonyesha kama yamesimama sawa au yameegemea upande mmoja.

Katika mchanganyiko wa hayo matatu hutoka aina mbalimbali za mapenzi. Hatutazieleza zote, maana nyingi msomaji atazitambua mwenyewe. Penye ukaribu peke yake pana urafiki, na penye ashiki peke yake pana kule kupagawa kwa vijana. Sisi tunataka kuzungumzia maumbo mawili yaliyopinda ambayo kwa maisha yetu ya ughaibuni yamekuwa kama mtindo. Moja ni ashiki na ahadi bila ya ukaribu, ambayo Sternberg aliyaita mapenzi ya kipumbavu. La pili ni ahadi peke yake, na hayo aliyaita mapenzi matupu.

Tuchukue mfano wa ndoa moja tunayoijua, majina tumeyaweka kando. Bwana anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, huko Leicester. Mwaka 2018 alikwenda Unguja likizo ya wiki nne. Wazee walikuwa wameshamtafutia mchumba, walikuwa wamezungumza kwa simu miezi mitatu, picha zimekwenda na kurudi. Wiki ya pili akaoa. Wiki mbili za fungate zikawa nzuri kama ndoto, kisha akapanda ndege. Hapo ndugu msomaji ashiki ipo, ahadi ipo tena ya kisheria na mbele ya mashahidi, lakini ukaribu ungetoka wapi? Ukaribu haupikwi kwa wiki mbili. Unataka muda, unataka kumwona mwenzio akiwa na homa, akiwa na deni, akiwa amekasirika na hana la kusema.

Mipango ilikuwa mke amfuate baada ya mwaka. Mwaka ukawa miwili, ukawa minne. Kwanza kipato hakikufika kiwango kinachotakiwa na serikali ya Uingereza, ambacho wakati ule kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka. Kabla hajajikusanya vizuri, Aprili 2024 kiwango kwa waombaji wapya kikapandishwa kufika pauni 29,000. Katika muda wote huo bwana hakukosa hata mwezi mmoja kutuma pauni mia mbili. Na kila Ijumaa akipiga simu. Mazungumzo yenyewe yalikuwa hivi: "Zimefika?" "Zimefika, ahsante." "Mtoto hajambo?" "Hajambo, anakusalimu." "Mama je?" "Mzima." Basi.

Ashiki, kwa mujibu wa nadharia hii, ndiyo pembe inayopanda upesi na ndiyo inayoshuka upesi. Mtu huizoea kama anavyouzoea utamu wowote. Basi katika ndoa ile ashiki ilipopoa, na hilo ni jambo la kawaida hata kwa wanaolala chumba kimoja, chini yake hapakuwa na ukaribu wa kuipokea. Ikabaki ahadi peke yake. Mapenzi ya kipumbavu yakageuka kuwa mapenzi matupu, na hakuna aliyegundua siku gani yamegeuka, kwa kuwa pesa zilikuwa zikifika tarehe ile ile.

Hapa wapo watakaotwambia: kwani wazee wetu hawakuoana bila ya kujuana? Walioana, na wakaishi miaka hamsini. Hoja hiyo ni ya kweli na Sternberg mwenyewe aliiona. Alieleza kuwa katika jamii ambazo ndoa hupangwa na wazee, ahadi tupu inaweza kuwa ni mwanzo wa safari, wakati kwengine huwa ni mwisho wake. Lakini tukumbuke wazee wetu walianza na ahadi, kisha wakakaa nyumba moja. Bibi alijua babu akinyamaza ana maana gani. Ukaribu ulijengeka kwenye jiko, kwenye kisima, kwenye msiba na kwenye mtoto aliyelia usiku. Sisi tumechukua ndoa ya wazee wetu tukaitoa ile nyumba moja, halafu tunategemea matokeo yale yale.

Sasa mtu atajuaje kama ukaribu umekufa au umelala tu? Swali hili lina maana kubwa, kwa sababu watu wawili waliozoeana sana nao huwa hawasemezani mengi. Nadharia inatofautisha ukaribu unaoonekana na ukaribu uliojificha. Wanandoa wakishazoeana, kila mmoja anajua mwenziwe atafanya nini, hakuna la kushtua, na hisia hazijitokezi juu. Ukiwatazama utadhani hawana kitu. Kipimo ni kile kinachotokea mazowea yanapokatwa ghafla.

Tunawajua wazee wawili wa Maskati ambao jioni nzima hukaa kimya, mmoja na redio yake, mwengine na ushonaji wake. Mzee alipopelekwa India kwa matibabu wiki tatu, bibi hakuweza kula chakula kikamshuka. Alikuwa akipika vikombe viwili vya chai, kimoja kikapoa mezani. Mzee naye huko alikokuwa hakukubali kutia saini ya upasuaji mpaka azungumze naye kwanza. Ule haukuwa utupu, ulikuwa ni ukaribu uliotulia chini kama maji ya kisima.

Kwa yule bwana wa Leicester mkato ulikuja namna nyengine. Mkewe aliugua, akalazwa, akapasuliwa na akarudi nyumbani, na bwana akapata khabari kutoka kwa dada yake siku kumi baadaye. Alipomuuliza mkewe kwa nini hakumwambia, mke alijibu bila ya hasira: "Pesa za hospitali zilikuwepo, nikaona sina haja ya kukusumbua." Jawabu hilo si la mke mbaya. Ni la mke aliyekuwa na shida kubwa kabisa katika maisha yake na mume hakumjia akilini isipokuwa kama mfuko.

Bwana alihuzunika kwelikweli, na hapo ndipo penye fundisho. Kwa hesabu yake yeye, zile pauni mia mbili zilikuwa ndiyo ukaribu wenyewe. Alizitoa kwa kukosa usingizi na kwa mgongo unaouma, na kila akituma alikuwa akisema nakujali. Mke alizipokea kama ahadi inayotekelezwa, yaani kama haki yake. Sternberg anasema hakuna pembetatu moja katika ndoa. Ipo ya mume na ipo ya mke, ipo ya mambo tuliyonayo na ya yale tunayoyatamani, ipo ya hisia na ipo ya vitendo. Hojaji yake ina maswali 45, kumi na tano kwa kila pembe, na kila moja hujibiwa kwa alama kuanzia 1 mpaka 9. Lau wawili hawa wangeijaza, tunakisia kwenye ahadi wangekaribiana, labda nane kwa nane. Kwenye ukaribu mume angeandika saba, na mke angeandika tatu. Mwaka 1985, yeye na mwenziwe Michael Barnes walionyesha kuwa kuridhika kwa mtu kunafuata zaidi vile anavyodhani mwenziwe anamhisi kuliko vile mwenziwe anavyohisi kwa kweli. Kwa hiyo mapenzi ya yule bwana yaliyokuwa moyoni hayakumsaidia mkewe kitu, maana hayakumfikia kwa sura ya mapenzi.

Nadharia hii ina mipaka yake na si vyema kuificha. Katika hojaji, anayepata alama nyingi kwenye pembe moja mara nyingi hupata nyingi kwenye nyengine, hata baadhi ya watafiti wanasema ni taabu kuzitenganisha pembe hizo. Pia pembetatu ni picha ya leo. Haisemi kesho itakuwaje, wala haitibu ndoa yenye vipigo au uongo. Ila kwa kumwonyesha mtu kwamba anachokosa si "mapenzi" kwa jumla bali ni pembe moja, inafaa.

Msimamo wetu ni huu. Kutuma pesa ni wajibu na anayetuma anastahiki heshima, lakini pesa hulinda pembe ya ahadi tu. Mwenye kutaka kujua khali ya pembe ya ukaribu na ajiulize: mwezi uliopita mke wangu aliogopa nini? Na yeye anajua mimi niliogopa nini? Kama hujui, basi Ijumaa hii usianze na "zimefika?" Anza kwa kumwambia la kwako, lile unalomficha kila mara: kwamba mgongo unauma, kwamba zamu imekatwa, kwamba unaona haya kurudi mikono mitupu. Ukaribu huanza kwa mmoja kujifungua kabla ya mwenziwe.

Na wazee wetu wa nyumbani tunawaomba kitu kimoja. Kijana akija na likizo ya wiki nne, mposeeni, lakini harusi ingojee safari ya pili. Bwana wa Leicester na mkewe bado wameoana hadi tunaandika haya. Safari hii wanaanza kujuana, miaka mingi baada ya harusi.