Riali 600 na neno moja: Murabaha ifasiriwe vipi?



Mama mmoja wa Unguja alikuja barazani baada ya sala ya alasiri akiwa na karatasi mkononi. Mwanawe anafanya kazi Maskati, na alikusudia kununua gari kupitia benki moja ya Kiislamu ya huko. Alitia saini karatasi ya Kiarabu na akalipa riali 600. Kabla benki haijalinunua gari lenyewe, mwajiri wake akampa gari la kazi, akaona hana haja tena ya lile alilolitaka. Nyumbani waliletewa tafsiri ya Kiswahili iliyotokana na nakala ya Kiingereza. Tafsiri hiyo ilisema kuwa kijana amechukua "mkopo wa riali 6,000 wenye nyongeza ya riali 900", na kwamba ametanguliza "arbuni ya riali 600".

"Ustadhi," akaniuliza, "nina mambo mawili. Mwanangu ameingia katika riba? Na zile riali 600, ndiyo zimekwenda?"

Nikamwomba karatasi ya Kiarabu. Nilipoisoma sikukuta ndani yake neno lenye maana ya mkopo, wala neno arbuni. Maneno hayo yalizaliwa njiani, kati ya Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili. Kwa kuwa karatasi za namna hii zinaingia katika nyumba nyingi, nimeona safu ya wiki hii tuitumie kwa swali hilo: mfasiri akutanapo na neno kama murabaha, alifasiri kwa maelezo, au achukue jina lililokwisha kuzoeleka katika Kiingereza?

Tuanze na neno lenyewe. Murabaha ni mauzo. Muuzaji anamwambia mnunuzi: kitu hiki nimekipata kwa kiasi hiki, nami nataka faida ya kiasi hiki. Wanazuoni wa fiqhi waliiweka katika fungu la mauzo ya uaminifu, kwa sababu mnunuzi hana njia ya kuijua gharama ila kwa kauli ya muuzaji. Katika mauzo ya kawaida ya kupatana bei, muuzaji halazimiki kusema alinunua kwa kiasi gani. Katika murabaha analazimika, na akidanganya mnunuzi ana haki ya kudai.

Aina inayotumiwa na benki leo huitwa kwa ukamilifu murabaha kwa mwenye kuagiza ununuzi. Dakta Sami Humud ndiye aliyeipendekezea benki katika tasnifu yake ya mwaka 1976. Ina hatua, na mpangilio wake ndio unaoihalalisha. Kwanza mteja anaahidi kwamba benki ikikinunua kitu fulani, yeye atakinunua kutoka kwake. Pili, benki inakinunua kwa mwenye duka, kikawa mali yake na katika dhamana yake. Kikiungua au kikiharibika hapo, hasara ni ya benki. Tatu, ndipo benki inapomuuzia mteja kwa gharama na faida iliyotajwa, naye analipa kwa awamu.

Kwa hesabu ya kijana wetu, gari lilikuwa la riali 6,000 na faida ya benki riali 900. Bei ingekuwa riali 6,900. Baada ya kutoa zile 600 zingebaki 6,300, yaani riali 175 kwa mwezi kwa miezi 36. Baada ya mauzo angekuwa na deni, na neno deni ni sahihi, kwa kuwa bei isiyolipwa ni deni. Neno lisilo sahihi ni mkopo. Mkopo ni fedha zinazotolewa zirudi fedha, na nyongeza juu yake ndiyo riba. Aliyeandika "mkopo wa 6,000 wenye nyongeza ya 900" ameandika riba kwa kalamu yake mwenyewe, wakati mkataba ulitaja gari, muuzaji, mnunuzi na bei.

Hapa masikio yetu ya Kiswahili yanatuponza kidogo. Mtu akisikia "murabaha" husikia "riba" ndani yake, akadhani ni maneno ya ukoo mmoja. Sivyo. Murabaha imetokana na ribhi, ambayo ni faida, na mwisho wake ni ile hee nzito ya kooni. Riba inatokana na mzizi mwingine wenye maana ya kuzidi na kukua. Kiswahili kimezipokea herufi hizo bila kuzitofautisha, na hivyo tofauti ambayo Mwarabu huisikia kwa sikio, sisi hatuna budi kuelezwa.

Sasa Kiingereza. Jina lililozoeleka humo, tukilifasiri, ni "mauzo ya gharama na nyongeza", na mara nyingi neno mauzo huondolewa likawekwa neno lenye maana ya ugharamiaji. Jina la kwanza lina sehemu kubwa ya ukweli, ila halimwambii msomaji kwamba gharama lazima itajwe wazi, wala kwamba benki lazima imiliki kwanza. La pili limemwondoa muuzaji, likabakisha mtoa fedha. Mfasiri wa Kiswahili anayeanzia hapo huona "ugharamiaji", akaandika "mkopo", na kwa kila hatua amekwenda mbali zaidi na karatasi ya asili.

Madhara ya njia hii yalionekana Pakistani. Katika miaka ya 1980 benki za huko ziliamriwa kuacha riba, na moja ya njia zilizoruhusiwa ikaitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya nyongeza ya muuzaji juu ya bei. Benki nyingi zikalichukua neno zikaacha mauzo: fedha zilitolewa kama zamani, na ile nyongeza ikahesabiwa juu yake. Mwaka 1991 Mahakama ya Shirikisho ya Sharia ilihukumu kwamba utaratibu huo, kwa namna ulivyokuwa ukitendeka, haupatani na Uislamu. Neno lilikuwa la dukani, na kwa kuwa halikubeba masharti ya murabaha, lilibaki kuwa jina la pili la riba.

Hata hivyo tusiseme kwamba majina ya Kiingereza hayafai kabisa. Uingereza ilipotunga sheria ya fedha ya mwaka 2005 ili mauzo ya namna hii yasionewe katika kodi, haikutumia neno murabaha. Ilieleza muamala wenyewe: mtu ananunua mali, kisha anaiuza kwa mwingine kwa bei kubwa zaidi inayolipwa baadaye. Mkataba ukipelekwa kwa mtoza kodi au hakimu wa huko, mfasiri atafanya vyema kutumia maneno ya sheria hiyo. Lakini utaona kwamba hayo nayo ni maelezo, wala si jina la mkato.

Wala kuliacha neno la Kiarabu peke yake hakutoshi. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua shauri kati ya Benki ya Shamili ya Bahareni na kampuni ya dawa ya Beksimko, juu ya mikataba iliyoitwa ya murabaha. Mikataba ilisema kwamba itaongozwa na sheria ya Kiingereza kwa kuzingatia misingi ya Sharia. Wadaiwa walidai kwamba kwa hakika ilikuwa mikopo ya riba iliyofunikwa. Mahakama ilisema kutaja misingi ya Sharia kwa jumla, bila kubainisha ni hukumu zipi, hakutoshi kuzifanya ziwe sehemu ya mkataba. Ikahukumu kwa sheria ya Kiingereza, na wadaiwa wakatakiwa kulipa. Kwa hiyo jina murabaha likiandikwa bila sharti zake, mbele ya hakimu huwa na uzito mdogo.

Turudi kwenye riali 600, maana hapo ndipo mama alipokuwa na wasiwasi zaidi. Karatasi ya Kiarabu iliziita hamish jiddiya, fedha za kuonesha kwamba mteja ana nia ya kweli. Mfasiri wa Kiingereza aliandika neno la jumla la malipo ya kutanguliza. Mfasiri wa Kiswahili, kwa nia njema, akaliona neno letu zuri arbuni, ambalo nalo ni la Kiarabu, akalitumia. Lakini katika fiqhi hayo ni mambo mawili. Arbuni hutolewa mauzo yakishafungwa na huwa sehemu ya bei. Mnunuzi akijitoa, muuzaji ana haki ya kuizuia. Hamish jiddiya hutolewa wakati wa ahadi, kabla ya mauzo kuwapo. Viwango vya taasisi ya uhasibu na ukaguzi ya fedha za Kiislamu yenye makao Bahareni vinasema kwamba mteja akivunja ahadi, benki hukata hasara halisi tu, na kilichobaki humrudishia.

Hasara halisi hupimwa hivi. Lau benki ingekuwa imekwisha kulinunua gari kwa 6,000, kisha ikalazimika kumuuzia mtu mwingine kwa 5,750, hasara ingekuwa 250, na kijana angerudishiwa 350. Lakini benki ilikuwa haijanunua kitu. Kwa maandishi ya karatasi yake mwenyewe, haki yake ilikuwa riali 600 kamili. Neno moja lililokosewa lilikuwa limeifanya familia inyamaze na kuziacha.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Katika mkataba, neno murabaha libaki, na mahali linapotajwa mara ya kwanza liwekewe maelezo yake, kwa mfano: "Murabaha katika mkataba huu ni mauzo ambayo benki, baada ya kuinunua na kuimiliki mali, inamuuzia mteja kwa gharama halisi iliyotajwa pamoja na faida iliyotajwa, na bei hiyo haizidi baada ya kufungwa." Baada ya hapo neno litumike peke yake. Mteja aitwe mwagizaji kabla ya mauzo na mnunuzi baada yake, asiitwe mkopaji. Hamish jiddiya iitwe "amana ya kuthibitisha nia", na neno arbuni lihifadhiwe kwa arbuni ya kweli. Jina la Kiingereza liandikwe pale tu ambapo sheria ya nchi inalihitaji.

Kabla ya kutia saini, muulize mfasiri au afisa wa benki maswali matatu: karatasi inataja gharama na faida kila moja kwa kiasi chake? Inasema benki itamiliki lini? Na fedha ninazotanguliza zinaitwaje katika Kiarabu? Jibu la "ni mkopo tu wa Kiislamu" si jibu.

Mama nilimwambia kwamba mwanawe hakuingia katika riba, kwa kuwa hata mauzo hayakufungwa. Kisha nikamwandikia kwenye karatasi yale maneno mawili ya Kiarabu na namba ya kifungu, kijana ayapeleke benki. Juma lililofuata akanipigia simu: riali 600 zimerudishwa zote.

Wabillahi tawfiq.