Mwalimu kijana, chora jedwali kwanza ndipo utunge mtihani

Ni Ijumaa, saa kumi alasiri. Mkuu wa idara anapita majilisini na kukwambia kwamba mtihani wa mwisho wa muhula unahitajika Jumatatu asubuhi. Labda uko kwenye mazoezi ya ualimu, labda umeajiriwa na bodi ya shule. Kwa vyovyote vile, wewe ndiye mgeni idarani, kwa hivyo kazi ni yako. Unafungua simu, unaingia kwenye kundi la walimu la Watsapu, unapakua karatasi ya mwaka juzi, unabadilisha jina la shule, kisha unaenda zako mtaani. Wikendi imeokoka.

Mimi nilifanya hivyo, na yakanitokea puani. Ilikuwa karatasi ya Bayolojia, Kidato cha Tatu, alama 50. Alama 30 kati ya hizo zilikuwa za uzazi wa mimea, mada tuliyoisoma wiki tatu za mwisho. Ikolojia, iliyotumaliza nusu nzima ya muhula, ilikuwa na maswali mawili tu. Msichana mmoja aliyekuwa moto wa kuotea mbali darasani akapata alama 19. Kwenye ripoti yake nikaandika, "Tia bidii." Ukweli ni kwamba aliyehitaji kutia bidii ni mimi.

Maoni yangu ni haya: mtihani usiotanguliwa na jedwali la mpango wake ni bahati nasibu, na mwanafunzi ndiye anayelipia tiketi. Jedwali lenyewe si noma. Ni karatasi moja tu. Upande wa kushoto unaandika mada ulizofundisha. Juu unaandika viwango vya kufikiri. Ndani ya kila kisanduku unaandika alama. Hutungi swali hata moja kabla visanduku havijajaa.

Hebu tuijenge upya ile karatasi yangu. Anza na kitabu cha kumbukumbu za kazi, wala si mpango wa muhula. Mpango unasema ulichonuia kufundisha. Kumbukumbu zinasema ulichofundisha kweli. Tuseme zinaonyesha vipindi 40: uainishaji wa viumbe 8, ikolojia 20, uzazi wa mimea 12. Gawa alama 50 kwa uwiano huo huo. Uainishaji unapata 10, ikolojia 25, uzazi 15. Tayari umetibu ugonjwa mmoja.

Sasa njoo kwenye viwango vya kufikiri. Benjamin Bloom na wenzake walivipanga katika ngazi sita mwaka wa 1956, na chuoni ulivikariri. Kwa mtihani wa alama 50, sita ni vingi mno; visanduku vingine vitabaki na alama moja moja zisizokuambia lolote. Vikusanye viwe vitatu: kukumbuka, kuelewa na kutumia, kisha kuchanganua na kutathmini. Mimi ningewapa Kidato cha Tatu asilimia 30, 40 na 30, yaani alama 15, 20 na 15. Huo ni uamuzi wangu, si sheria. Kidato cha Kwanza ningepunguza kile cha juu.

| Mada | Kukumbuka | Kuelewa na kutumia | Kuchanganua na kutathmini | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Uainishaji | 3 | 4 | 3 | 10 |
| Ikolojia | 7 | 10 | 8 | 25 |
| Uzazi wa mimea | 5 | 6 | 4 | 15 |
| Jumla | 15 | 20 | 15 | 50 |

Ukipiga hesabu, utaona ikolojia ingefaa kupata 7.5 kwenye kukumbuka. Hakuna nusu alama hapa, kwa hivyo nimeshusha mahali pamoja na kupandisha pengine, mradi jumla za chini na za kando zisivurugike.

Kosa kubwa linakuja unapoanza kutunga. Wengi wetu hutazama kitenzi. Tukiona "taja" tunasema ni kukumbuka, tukiona "eleza" tunasema ni kuelewa. Si hivyo. Kiwango cha swali hutegemea kile mwanafunzi alichokutana nacho darasani.

Chukua ile mbinu ya kukadiria idadi ya wanyama kwa kuwakamata, kuwatia alama, kuwaachilia na kuwakamata tena. Unawaambia: panzi 120 walikamatwa uwanjani wakatiwa rangi na kuachiliwa. Siku tatu baadaye walikamatwa 100, na 20 kati yao walikuwa na rangi. Kadiria idadi yao. Mwanafunzi anazidisha 120 kwa 100, anagawanya kwa 20, anapata 600. Hilo ni swali la kutumia maarifa. Lakini kama ulitumia panzi hao hao na tarakimu hizo hizo ubaoni, basi ni la kukumbuka tu, hata kama lina hesabu.

Sasa ongeza hivi: usiku kabla ya kukamata mara ya pili, mvua ilinyesha ikaosha rangi ya baadhi ya panzi. Je, jibu la 600 litakuwa kubwa kuliko idadi halisi au dogo? Toa sababu. Hapo lazima afikirie. Rangi ikipotea, panzi wenye alama wanaonekana wachache, kigawanyo kinapungua, na makadirio yanazidi idadi halisi. Hilo ni la kuchanganua, ilimradi hukuwahi kulijibu darasani.

Kosa la pili ni kuhesabu maswali badala ya alama. Karatasi inaweza kuwa na maswali manne ya ikolojia na manne ya uzazi ikaonekana sawa kabisa, kumbe ya ikolojia yana alama mbili mbili na yale mengine saba saba. Visanduku vinajazwa alama.

Kosa la tatu tunalijua wote: kutunga mtihani kwanza, halafu kuchora jedwali linalolingana nao ili faili ya idara ionekane safi. Hiyo ni kujidanganya.

Utajuaje kama umefaulu? Mpe mwenzako wa somo hilo karatasi pamoja na jedwali tupu, umweleze ulichofundisha, kisha umwombe aweke kila swali kwenye kisanduku anachoona kinafaa. Usimwonyeshe lako. Mkitofautiana kuhusu swali fulani, lijadilini. Mara nyingi utagundua kwamba swali uliloliona la kuchanganua linajibika kwa kukariri daftari.

Usiliabudu jedwali pia. Haliwezi kunyoosha swali lililoandikwa ovyo, wala mwongozo wa kusahihisha usioeleweka. Na alama tatu za kuchanganua uainishaji hazitoshi kukwambia kama mwanafunzi ni dhaifu hapo. Tumia jumla za mada kusema hivyo, si kisanduku kimoja.

Kuna walimu watakaokwambia hawana muda. Kuchora hilo la juu kunachukua kama nusu saa ukiwa na kumbukumbu za kazi mkononi, na kunakuzuia kutunga maswali ambayo baadaye utayatupa.

Na wewe uliye bado shuleni, ukirudishiwa karatasi usiishie kutazama alama nyekundu pale juu. Jumlisha alama za kila mada, ulinganishe na muda mliotumia darasani. Zikikataa kabisa kulingana, mwendee ticha kwa heshima umwulize zilivyogawanywa. Yule msichana wangu wa alama 19 hakuniuliza. Laiti angeniuliza, ningelazimika kumjibu kabla ya kuandika yale maneno kwenye ripoti yake.