KASKE NI YA PICHA, SIMENTI NI YA NGOZI YETU

Bandugu vijana wa Kilembwe na wa Fizi yote, wazazi, bamasoni, benye kinkayeri na benye shantie,

Matangazo ya kinkayeri yanafanana yote. Mifuko ya simenti imepangwa vizuri, nyuma yake kuna jengo linapanda, na wanaume watatu bamevaa kaske ya manjano na jile yenye kung'aa, banacheka. Sisi tunauliza swali moja tu: hao batu banatumikaka wapi? Kwenye shantie zetu kijana anabeba mfuko kichwani bila kitu, anakoroga beto na mikono mitupu, anasimama ndani yake na sandale.

Na hata hiyo picha haisemi kweli yote. Kaske inakinga kichwa na tofali lenye kuanguka. Ni lazima, hatukatai. Lakini simenti haishambulii kichwa. Inashambulia mikono, magoti, miguu na macho. Ikikutana na maji inakuwa kali, ni ndugu ya soda ile mama zetu banatengenezea sabuni. Ubaya wake ni kwamba haiumi palepale. Kijana anapiga magoti kwenye beto mbichi asubuhi, suruali inalowana, anaendelea na kazi. Mangaribi ndipo anasikia moto. Kesho yake ngozi imekuwa nyekundu au imeanza kuwa nyeusi, kisha inafunguka kidonda. Wengine mikono inapasuka na kuwasha kila siku banagusa simenti, kwa sababu mwili umeshaikataa. Bosi anasema: "Ni vumbi tu, utazoea." Hapana. Huo ugonjwa hauzoeleki. Kadiri unavyoendelea kugusa, ndivyo unavyozidi.

Sasa tuhesabu mzigo. Mfuko mmoja ni kilo 50. Kijana akishusha mifuko 20 kwenye lori, amebeba kilo 1.000, tani nzima, kabla hajashika pelo. Tena simenti inafika huku ghali, maana inatoka Baraka kwa barabara tunayoijua wote. Ndiyo maana bosi analinda mfuko usilowe na mvua: anaweka mbao chini, shiti juu. Mfuko una shiti, mwenye kuubeba hana gan! Hiyo ndiyo hasira yetu.

Tukiuliza, jibu ni lilelile: "Huyu ni jurnalie, si mfanyakazi wangu." Bandugu, mushike hii vizuri. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, kwenye kifungu cha 40, inasema hivi: mtu wa kazi ya siku kwa siku akishatumika siku 22 ndani ya miezi miwili, na akaitwa tena kabla hiyo miezi miwili haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Kujenga shule au kituo cha afya kunapita siku 22. Kwa hiyo kila mtu aandike siku zake kwenye kaye: tarehe, kazi, franga aliyopokea, na mwenzake shahidi. Bila kaye, bosi atasema hakujui.

Na serikali isijifiche nyuma ya bosi. Fizi ni moja ya teritware 145 za programu ya PDL-145T. Kwenye shantie inayojengwa na pesa ya raia, mwana wa raia asiunguzwe na simenti.

Tunadai mambo matatu.

Moja: gan za mpira, bote za mpira na miwani ziandikwe ndani ya devi, pamoja na simenti na vyuma. Gan ya kitambaa haitoshi: ikilowana inashika simenti kwenye ngozi.

Mbili: kila shantie iwe na pipa la maji safi ya kuoga tu, si ya kukorogea. Simenti ikikugusa, kung'uta vumbi kavu, vua nguo yenye kulowana, mwaga maji mengi dakika 20, halafu uende kituo cha afya, hata kama haijaanza kuuma. Ikiingia kwenye jicho, anza na maji palepale, usingoje mtu.

Tatu: mtoto mwenye hajafika miaka 18 asibebe simenti. Kazi ya hatari kwa mtoto imekatazwa, na njaa ya nyumbani kwao haimupi bosi ruhusa.

Enspeksio ya Kazi ifike kwenye shantie, isingojee ripoti ofisini. Na ninyi benye kinkayeri, muko na gan na bote kwenye rafu zenu. Mteja akinunua mifuko 100, mumuulize: na batu bako banavaa nini?

Kama kaske ilipatikana kwa ajili ya picha, itapatikana kwa ajili ya kazi.

Vijana raia wa Kilembwe